Kagua Shehena Kabla ya Kulipa Salio: Mwongozo kwa Wanaoagiza Bidhaa Kiwandani

Wananchi wengi siku hizi huagiza bidhaa moja kwa moja kutoka viwanda vya nje, hususan China, ama mmoja mmoja ama kwa kuungana katika vikundi. Utaratibu wa malipo uliozoeleka ni wa awamu mbili. Mnunuzi hutanguliza asilimia 30 ya bei ili kiwanda kinunue malighafi na kuanza kazi, kisha hulipa asilimia 70 iliyobaki bidhaa zikiwa tayari, kabla hazijapakiwa melini. Kati ya malipo hayo mawili kuna siku chache ambazo bidhaa zimekwisha kutengenezwa na sehemu kubwa ya fedha bado iko mkononi mwa mnunuzi. Makala haya yanahusu siku hizo.

Katika Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, pale mauzo yanapofanyika kwa kuonyeshwa sampuli, shehena nzima inapaswa kulingana na sampuli hiyo kwa ubora, na mnunuzi anapaswa kupewa nafasi ya kuvilinganisha. Hata hivyo, kumdai haki hiyo muuzaji aliye ng'ambo, baada ya fedha zote kumfikia, ni kazi ndefu na yenye gharama inayoweza kuzidi thamani ya mzigo. Salio ndilo linalomfanya mwenye kiwanda asikilize. Likishalipwa, malalamiko hubaki kuwa ombi.

Ili maelezo yasibaki hewani, tuchukue mfano mmoja na kuufuata hadi mwisho. Kikundi cha wafanyabiashara wadogo wa Kariakoo kimeagiza mabegi ya shule 1,200 kutoka kiwanda kilichopo jimbo la Guangdong, kusini mwa China, kwa bei ya dola 4 kila begi. Jumla ni dola 4,800. Kikundi kimetanguliza dola 1,440, na salio ni dola 3,360. Mabegi yatafungwa katika katoni 40, kila katoni mabegi 30.

Kipimo huandaliwa kabla ya kazi kuanza

Ukaguzi ni kulinganisha, na hakuna kulinganisha pasipo kitu cha kulinganishia. Kwa hiyo kazi ya ukaguzi huanza siku ya kuagiza, kwa mambo mawili: sampuli iliyokubaliwa na karatasi ya vipimo.

Sampuli haitoshi kuwa picha ya simu. Liwe begi halisi lililotengenezwa na kiwanda hichohicho, kwa kitambaa na zipu zitakazotumika katika kazi yenyewe. Tunashauri zitengenezwe tatu zinazofanana. Moja hubaki kiwandani, ya pili hukaa kwa mnunuzi, na ya tatu hutunzwa kwa ajili ya mkaguzi. Kila moja itiwe saini na tarehe na pande zote mbili kwenye kipande cha kitambaa kilichoshonewa ndani, kisha ifungwe katika mfuko wenye lakiri. Bila saini hiyo, kiwanda kinaweza kuleta begi jingine siku ya ukaguzi na kudai kuwa ndilo lililokubaliwa.

Karatasi ya vipimo husema yale ambayo jicho haliwezi kuyasoma kwenye sampuli. Katika mfano wetu, karatasi ilieleza kwamba kitambaa ni poliesta ya 600D yenye uzito wa gramu 300 kwa meta moja ya mraba, na tofauti isiyozidi asilimia 5 juu au chini. Zipu ya mfuko mkubwa iwe namba 8, na za mifuko midogo namba 5. Mshono uwe na mapigo ya sindano yasiyopungua 9 katika kila sentimeta 3. Mahali mikanda ya mabegani inaposhikana na begi pashonwe kisanduku chenye alama ya msalaba ndani yake. Begi tupu liwe na uzito wa gramu 520. Begi likitundikwa na kilo 10 ndani kwa saa nne, mshono usifunguke.

Angalia kwamba kila sharti hapo linaweza kupimwa. Maneno kama "kitambaa kizuri" au "zipu imara" hayafai kuandikwa, kwa kuwa kila upande utayafasiri kwa faida yake. Tunashauri pia mkataba useme mambo mawili kwa maandishi: kwamba salio litalipwa baada ya ukaguzi kukubali mzigo, na kwamba mzigo ukikataliwa, gharama ya ukaguzi wa pili italipwa na kiwanda.

Nani akague, na lini

Wakati unaofaa ni pale bidhaa zote zimekwisha kutengenezwa na angalau asilimia 80 zimekwisha kufungwa katika katoni. Katika mfano wetu, hiyo ni katoni 32 kati ya 40. Ukikagua mapema kuliko hapo, unaona zile zilizotangulia kushonwa kwa uangalifu na hujui zitakazofuata. Ukichelewa, mzigo unakuwa njiani kuelekea bandarini na huna tena la kuzuia.

Jambo la muda lina uzito wa pekee kwa bidhaa za msimu. Shule hufunguliwa Januari, na meli kutoka China huchukua wiki kadhaa. Mnunuzi aliyepanga ukaguzi siku moja kabla ya kupakia amejifunga mikono, kwa sababu hata akiona kasoro, hana nafasi ya kusubiri zirekebishwe. Weka angalau wiki mbili kati ya ukaguzi na tarehe ya kupakia, na uandike siku hizo kwenye mkataba.

Asiyeweza kusafiri anaweza kukodi kampuni ya ukaguzi, ambayo kwa kawaida hutoza kwa siku ya kazi ya mkaguzi, au kumtuma mtu anayemwamini. Wengi huwatumia mawakala waliowatafutia kiwanda. Katika hali hiyo ulizeni kwanza kama wakala analipwa chochote na kiwanda kwa kila oda. Anayepata kamisheni mzigo ukiondoka si mtu wa kumwachia uamuzi wa kuuzuia.

Tunapenda pia kuondoa dhana moja iliyoenea. Shirika la Viwango Tanzania lina utaratibu ambao bidhaa zinazohusika hupimwa na kupewa cheti kabla ya kuingia nchini. Cheti hicho huthibitisha kwamba bidhaa inakidhi viwango vinavyotakiwa. Hakisemi kama begi lina zipu uliyoagiza, wala kama rangi yake ni ile ya sampuli. Makubaliano yako na kiwanda ni juu yako kuyakagua.

Kuchagua mabegi ya kukaguliwa

Kukagua mabegi yote 1,200 kungechukua siku nyingi. Wakaguzi duniani kote hutumia majedwali ya kiwango cha kimataifa kiitwacho ISO 2859-1, kinachoeleza ni bidhaa ngapi zichukuliwe kutoka mzigo wa ukubwa fulani. Kwa mzigo wa bidhaa kuanzia 501 hadi 1,200, kiwango cha kawaida cha ukaguzi hutaka bidhaa 80.

Idadi hiyo haina maana iwapo kiwanda ndicho kinachochagua. Mkaguzi akikuta katoni kadhaa zimekwisha kuwekwa mezani zikimsubiri, azirudishe. Njia rahisi ni kuandika namba 1 hadi 40 kwenye vipande vya karatasi na kuokota vinane palepale ghalani. Katoni zenye namba hizo ndizo zitakazofunguliwa, hata kama ziko chini kabisa ya rundo. Kutoka kila katoni yachukuliwe mabegi 10: ya juu, ya katikati na ya chini.

Kabla ya kuzifungua, pima uzito wa katoni hizo. Katika mfano wetu, mabegi 30 ya gramu 520 ni kilo 15.6, na katoni tupu yenyewe ni kilo 1.2, kwa hiyo kila katoni inapaswa kuwa na kilo 16.8. Mkaguzi alikuta zote nane zina kilo 16.2. Zilipofunguliwa, mabegi yalikuwa 30 kamili. Basi kila begi lilikuwa limepungua gramu 20, na mkaguzi alijua kabla ya kugusa zipu hata moja kwamba kuna malighafi iliyopunguzwa mahali fulani.

Kulinganisha na sampuli

Sampuli yenye saini hufunguliwa mbele ya pande zote na kuwekwa mezani. Kila begi kati ya yale 80 hulazwa kando yake. Rangi zilinganishwe karibu na dirisha kwa mwanga wa mchana, kwa maana vitambaa viwili vinaweza kufanana kabisa chini ya taa ya ghala na kutofautiana vikitolewa nje. Fungua na ufunge kila zipu mara kadhaa, mpaka mwisho wa pande zote mbili. Namba ya zipu mara nyingi imechorwa nyuma ya kichwa chake, na isipoonekana, upana wa meno ulinganishwe na zipu ya sampuli. Geuza begi ndani nje, uangalie bitana na kingo za kitambaa, kwa sababu mshono uliopita karibu mno na ukingo hufumuka mapema hata kama kwa nje unapendeza.

Majaribio mengine hufanywa kwa mabegi machache, si yote. Chukua matatu, weka kilo 10 za mchanga au vitabu ndani ya kila moja, uyatundike kwa mikanda yake kwa saa nne zilizokubaliwa. Sugua kitambaa mara kumi kwa leso nyeupe iliyo kavu, kisha kwa nyingine yenye unyevu. Rangi ikihamia kwenye leso, itahamia pia kwenye shati jeupe la mwanafunzi. Nusa mabegi na mkono uingie mpaka chini ya mifuko, kwani bidhaa iliyofungwa ikiwa na unyevu hufika imeota ukungu baada ya wiki kadhaa ndani ya kontena.

Uzito wa kitambaa haujulikani kwa kushika. Kata kipande cha mraba chenye sentimeta 10 kila upande na ukipime kwa mizani ya sonara. Zidisha kwa 100, upate uzito wa meta moja ya mraba. Kipande cha kitambaa cha gramu 300 kinapaswa kuwa na gramu 3.0, na kwa tofauti iliyoruhusiwa kisipungue 2.85. Jaribio hili huharibu begi, hivyo mkataba utaje mapema kwamba mabegi mawili yatakatwa. Katika mfano wetu vipande vya mabegi mawili, kutoka katoni tofauti, vilikuwa na gramu 2.70 na 2.68. Gramu 20 zilizopotea zilipatikana hapo: kiwanda kilitumia kitambaa chepesi kwa takriban asilimia 10.

Kuhesabu kasoro

Kasoro zinazopatikana hugawanywa katika makundi matatu. Kasoro hatarishi ni ile inayoweza kumdhuru mtumiaji, kama vile kipande cha sindano kilichobaki ndani ya mshono. Ya namna hii hairuhusiwi hata moja. Kasoro kubwa ni ile inayolifanya begi lisitumike au lisiuzike, kama zipu inayokwama au mkanda usioshonwa ipasavyo. Kasoro ndogo ni ile ambayo mteja anaweza kuivumilia, kama uzi uliobaki ukining'inia.

Kwa mabegi 80, viwango vinavyotumika sana katika bidhaa za matumizi ya kawaida huruhusu kasoro kubwa zisizozidi 5 na kasoro ndogo zisizozidi 7. Ikipatikana kasoro kubwa ya sita, mzigo wote unahesabiwa kuwa umeshindwa.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini turuhusu hata hizo tano. Kiwango hiki kinalenga mzigo ambao kasoro kubwa hazizidi asilimia 2.5, yaani wastani wa mabegi 2 kati ya 80. Lakini bahati ya kuokota huweza kuleta matatu au manne hata kama mzigo ni mzuri, na si haki kukataa kazi nzuri kwa ajili ya bahati mbaya. Upande wa pili nao unapaswa kujulikana. Mzigo wenye asilimia 10 ya mabegi mabovu bado unaweza kuponyoka ukaguzi huu karibu mara moja katika kila sita. Ukaguzi wa sampuli hupunguza hatari bila kuiondoa kabisa. Kwa bidhaa ambayo kasoro yake ni ghali, mnunuzi anaweza kukubaliana na kiwanda kutumia kiwango kikali zaidi, ila afanye hivyo wakati wa kuagiza.

Katika mfano wetu mkaguzi hakukuta kasoro hatarishi. Kasoro ndogo zilikuwa 6, zote nyuzi za kuning'inia, na hizo zilikuwa ndani ya kiwango. Kasoro kubwa zilikuwa 9. Mabegi sita hayakuwa na msalaba ndani ya kisanduku cha mkanda, na matatu yalikuwa na zipu zinazokwama. Mzigo ulishindwa.

Kasoro ya begi na kasoro ya mzigo mzima

Hapa pana tofauti ambayo wanunuzi wengi huipita. Mkanda usio na msalaba ni kasoro ya begi moja moja. Fundi aliuruka, na fundi anaweza kuurudia. Kitambaa chepesi si kasoro ya begi moja. Ni uamuzi uliofanywa kabla ya mkasi wa kwanza kukata, na kimsingi umo katika mabegi yote 1,200. Jambo la namna hii haliingizwi katika hesabu ya tano au sita, kwa sababu ni kuvunja makubaliano moja kwa moja, nalo lina suluhisho lake.

Kikundi kilitenganisha mambo hayo mawili katika barua moja. Kwa mikanda na zipu, kilitaka kiwanda kipitie mabegi yote 1,200, kitenge yenye kasoro na kuyarekebisha kwa gharama zake, kisha ukaguzi urudiwe kwa kuokota katoni upya. Kukarabati yale tisa tu yaliyoonekana kusingetosha. Tisa ni dalili, na kwa uwiano huohuo mzigo mzima ungekuwa na takriban mabegi 135 ya namna hiyo.

Kwa kitambaa hakukuwa na ukarabati. Njia zilikuwa tatu: kukataa mzigo na kudai malipo ya awali, jambo lenye mzozo mrefu, kutaka mabegi yashonwe upya, jambo ambalo lingepitisha Januari, au kukubali kwa bei pungufu. Kikundi kilijiuliza kwanza kama begi hilo bado lingebeba mzigo wa mwanafunzi. Yale matatu yaliyotundikwa yalikuwa yamestahimili kilo 10, hivyo kikachagua njia ya tatu. Baada ya mazungumzo, bei ilipunguzwa kwa senti 35 kila begi, jumla dola 420. Ukaguzi wa pili ulikuta kasoro kubwa 2 pekee, na salio lililolipwa likawa dola 2,940.

Iwapo mikanda ingefumuka katika jaribio la uzito, punguzo lisingekuwa jibu. Bidhaa isiyofaa kwa kazi yake haifai kwa bei yoyote, na mwishowe atakayeumia ni mzazi atakayeinunua.

Baada ya kukubali

Mzigo uliokubaliwa leo unaweza kubadilishwa kesho. Mkaguzi abandike karatasi yenye saini yake mahali utepe wa kila katoni unapofungia, na apige picha zenye kuonyesha namba za katoni. Kwa anayechangia kontena na wengine, katoni zihesabiwe na kupimwa tena katika ghala la msafirishaji. Katika mfano wetu katoni 40 za kilo 16.2 ni kilo 648. Uzito ukipishana sana na huo, ulizeni kabla meli haijaondoka.

Salio lilipwe baada ya taarifa ya maandishi ya ukaguzi kufika, si kwa neno la simu kwamba "kila kitu kiko sawa". Taarifa hiyo iwe na namba za katoni zilizofunguliwa, idadi ya kasoro kwa kila kundi, vipimo vilivyopatikana na picha za kila kasoro kando ya sampuli.

Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Tunza sampuli yenye saini, karatasi ya vipimo, mkataba, stakabadhi za malipo yote mawili na taarifa ya ukaguzi, hadi mabegi ya mwisho yauzwe na muda wa wateja kulalamika upite. Kasoro nyingine hujitokeza begi likiwa begani mwa mtoto, na siku hiyo utahitaji kuonyesha ulichoagiza, ulichopokea na ulichokubali.